Nyekundu au Kijani? Jinsi Jicho Linavyotambua Rangi na Maana ya Upofu wa Rangi Nyumbani, Shambani na Shuleni

Msimu wa kuchuma kahawa huwa na ugomvi wake. Mvulana wa miaka kumi na miwili anatumwa shambani na kuonywa achume matunda mekundu pekee. Jioni debe linamwagwa juu ya gunia na theluthi yake ni mbichi. Anaitwa mvivu, pengine mkaidi. Kesho yake anarudi na kuchuma vivyo hivyo. Wazazi wengi hawafikirii kwamba huenda mtoto huyo alitazama kila tunda kwa makini na hakuona tofauti iliyo wazi kwa kila mtu mwingine.

Hali hiyo huitwa upofu wa rangi. Jina lenyewe hupotosha, kwa sababu wengi walio nayo si vipofu na wala hawaoni dunia kwa nyeusi na nyeupe tu. Wanaona mbali, wanasoma maandishi madogo na wanaona rangi nyingi. Wanachokosa ni uwezo wa kutenganisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu, kijani na kahawia. Makala haya yanaeleza sababu, jinsi hali hiyo inavyorithiwa, namna ya kuitambua na mambo ambayo familia, mwalimu au mhudumu wa afya anaweza kuyafanya.

Jicho lina mizani tatu

Mwanga unapoingia jichoni hupita kwenye mboni na lenzi, kisha huangukia retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Retina ina seli za aina mbili kuu zinazopokea mwanga. Zile zenye umbo la vijiti ni nyingi sana, zaidi ya milioni 100 katika kila jicho. Hizo hufanya kazi kwenye giza na hazitofautishi rangi. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi shati jekundu na shati la kijani huonekana yote meusimeusi, hata kwa mtu mwenye macho mazima.

Kundi la pili ni seli zenye umbo la pia, takriban milioni 6. Hizi ndizo zinazotuonyesha rangi mchana. Ziko za aina tatu. Aina ya kwanza huitikia zaidi mwanga wa mawimbi marefu, na kwa urahisi tutaziita seli za nyekundu. Ya pili huitikia mawimbi ya kati, nazo tutaziita seli za kijani. Ya tatu huitikia mawimbi mafupi, nazo ni seli za buluu.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna hata moja ya seli hizi inayojua rangi. Fikiria mizani ya sokoni. Ikionyesha kilo kumi, haikuambii kama kilichowekwa juu yake ni mahindi au maharagwe. Seli ya jicho ni hivyo hivyo: inaripoti kiasi cha mwanga ilichopokea, basi. Rangi hupatikana pale ubongo unapolinganisha ripoti za mizani hizo tatu.

Chukua tunda la kahawa lililoiva. Mwanga unaotoka kwenye ganda lake huamsha seli za nyekundu kwa nguvu na seli za kijani kidogo. Ubongo unaona pengo kati ya ripoti hizo mbili na kukuambia kwamba hilo ni jekundu. Tunda bichi huamsha seli za kijani kwa kiasi kikubwa zaidi, pengo linageuka, nawe unaona kijani. Hukumu yote inategemea tofauti ya ripoti mbili.

Sasa tuseme mizani moja kati ya hizo mbili haipo. Ubongo unapata ripoti moja tu na hauna cha kuilinganisha nayo. Tunda lililoiva na lile bichi yanaonekana yote kama rangi moja ya kahawia iliyoelekea manjano, na tofauti inayobaki ni kwamba moja huenda limekoza kuliko jingine. Majani yaliyo nyuma yake nayo yana rangi hiyo hiyo. Mvulana wetu yuko mbele ya mti ambao kwake una rangi moja kuanzia tawi la chini hadi kileleni, isipokuwa mahali penye kivuli.

Aina za upofu wa rangi

Walio na tatizo hili hawafanani. Wengi wao wana aina zote tatu za seli, lakini seli za kijani zimebadilika na kuitikia karibu sawa na zile za nyekundu. Ni kama kuwa na mizani mbili ambazo zimeanza kusoma uzito ule ule. Tofauti bado ipo, ila ni ndogo. Mtu wa namna hii huona nyekundu iliyokoza na kijani kilichokoza bila shida, kisha hubabaika rangi zikififia, kitu kikiwa kidogo, au mwanga ukipungua jioni.

Wengine hawana kabisa seli za kijani, na wengine hawana kabisa seli za nyekundu. Hawa wa mwisho wana shida ya ziada: rangi nyekundu kwao huwa nzito na yenye giza. Maandishi mekundu juu ya karatasi nyeusi yanaweza kutoonekana kabisa, na taa nyekundu ya nyuma ya gari huonekana hafifu kuliko inavyoonekana kwa wengine.

Upofu wa buluu na manjano upo, lakini ni nadra. Nadra zaidi ni mtu asiyeona rangi yoyote. Huyo kwa kawaida huwa pia na macho yanayoumizwa na jua na uoni hafifu tangu utotoni, hivyo familia hujua mapema kwamba kuna tatizo. Yule wa nyekundu na kijani ndiye anayeweza kukua, kuoa na kuzeeka bila mtu yeyote kujua, pengine hata yeye mwenyewe.

Mfano mashuhuri ni John Dalton, mwanasayansi Mwingereza aliyesifika kwa kazi yake kuhusu atomu. Alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba anaona rangi tofauti na wenzake, na mwaka 1794 alitoa maelezo ya hali yake mbele ya wasomi wa Manchester. Aligundua pia kwamba ndugu yake alikuwa hivyo hivyo. Dalton alidhani majimaji ya jicho lake yalikuwa na rangi ya buluu iliyochuja mwanga, akaagiza macho yake yachunguzwe baada ya kifo chake. Alipofariki mwaka 1844 macho yalipasuliwa, na majimaji yalikuwa safi kabisa. Mabaki yalihifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti walichunguza jeni zake na kupata jibu: hakuwa na jeni ya seli za kijani. Tatizo lilikuwa kwenye retina, na alizaliwa nalo.

Kwa nini ni wavulana zaidi?

Maagizo ya kutengeneza seli za nyekundu na za kijani yamo kwenye jeni mbili zinazokaa bega kwa bega katika kromosomu inayoitwa X. Msichana ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Mvulana ana X moja, anayoipata kwa mama, na Y anayoipata kwa baba. Msichana aliye na X moja yenye hitilafu huokolewa na ile nyingine iliyo nzima. Mvulana hana akiba. X yake ikiwa na hitilafu, hali inajitokeza.

Tufuate familia moja ya mfano. Babu mzaa mama ana upofu wa rangi. Binti zake wote lazima wapokee ile X yake, kwa hiyo wote ni wabebaji, lakini wanaona rangi vizuri kwa sababu X ya mama yao ni nzima. Wana wa kiume wa babu huyo hawapokei X yake, hivyo hawarithi hali hiyo kutoka kwake. Binti mmoja anaolewa na mume asiye na tatizo. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na upofu wa rangi. Kila binti ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa mbebaji kama mama yake. Hali imeruka kizazi kimoja na kujitokeza kwa mjukuu.

Msichana anaweza kuwa na upofu wa rangi iwapo X zake zote mbili zina hitilafu, jambo linalowezekana baba akiwa na hali hiyo na mama akiwa mbebaji. Ndiyo maana ni wachache. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 ana upofu wa nyekundu na kijani, ilhali kwa wanawake ni takriban 1 kati ya 200. Kwa watu wa Afrika kiwango ni cha chini kuliko hicho, lakini katika shule yoyote kubwa ya wavulana ni jambo la kutarajiwa kwamba wapo kadhaa.

Maelezo haya yana maana nyumbani. Hali hii haitokani na laana, na haisababishwi na chakula ambacho mama alikula au kukosa kula akiwa mjamzito. Mama hana lawama, kama vile babu hakuwa na lawama.

Mtoto hujifichaje?

Lugha yetu yenyewe humsaidia mtoto kujificha. Kijani ni rangi ya jani, kahawia ni rangi ya kahawa, zambarau ni rangi ya tunda lake, manjano ni bizari. Mtoto hujifunza mapema kwamba nyasi husemwa kuwa za kijani na damu husemwa kuwa nyekundu. Ukimuuliza nyasi zina rangi gani, atakujibu sawasawa bila kuona unachokiona wewe. Amekariri.

Kwa hiyo usimpime kwa kumuuliza jina la rangi. Mpe nyuzi za sufu au penseli za rangi ambazo hazina maandishi, zikiwemo nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya machungwa, za kukoza na za kufifia. Mwambie aweke pamoja zinazofanana. Fanya hivyo mchana, karibu na dirisha. Akiweka kahawia na kijani katika rundo moja, au waridi pamoja na kijivu, na akarudia hivyo siku nyingine, una sababu ya kumpeleka apimwe.

Dalili nyingine huonekana darasani. Mtoto hupaka shina la mti kijani na majani kahawia. Hushindwa kusoma kilichoandikwa kwa chaki nyekundu ubaoni. Katika mpira humpasia mpinzani pale timu moja inapovaa vizibao vyekundu na nyingine vya kijani. Katika sekondari huanguka kwenye majaribio ya kemia, ambapo mwanafunzi hutakiwa kusema kama mashapo ya chuma kwenye chupa ni ya kijani au ya kahawia, ingawa kanuni zote anazijua.

Kipimo rasmi kinachotumika zaidi kiliundwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, na kuchapishwa mwaka 1917. Ni kitabu cha kurasa zenye madoadoa ya rangi, na ndani ya madoadoa mna nambari. Madoadoa yamechanganywa makusudi yawe na ukubwa tofauti na weupe tofauti ili nambari isionekane kwa kigezo chochote isipokuwa rangi. Kitabu hushikwa umbali wa sentimita 75 kwenye mwanga wa mchana, na mpimwaji hutakiwa kujibu ndani ya sekunde tatu hivi. Kwa watoto wasiojua nambari kuna kurasa zenye njia ya kufuatisha kwa kidole. Picha za kipimo hicho zinazosambazwa kwenye simu zinaweza kukupa fununu tu, kwa sababu kila kioo cha simu hubadilisha rangi kwa namna yake. Kitabu hicho pia hakipimi upofu wa buluu na manjano.

Kazi zinazotegemea rangi

Upofu wa rangi wa kuzaliwa hauna dawa kwa sasa. Hauzidi na hauishi. Miwani maalumu yenye vioo vya rangi inaweza kuongeza tofauti kati ya baadhi ya rangi kwa baadhi ya watu, lakini hairudishi seli isiyokuwepo. Anayekuuzia matone au mitishamba ya kuponya hali hii anakula pesa yako bure.

Kinachosaidia ni kuongeza alama ya pili mahali ambapo rangi ndiyo alama pekee. Taa za barabarani zina alama hiyo tayari: nyekundu iko juu, ya manjano katikati, ya kijani chini. Dereva asiyetofautisha rangi husoma nafasi. Shida huja kwa taa moja inayobadilika rangi mahali pale pale, kama ile ya chaja inayotoka nyekundu kuwa kijani betri ikijaa.

Kwenye nyaya za umeme, waya wa ardhi katika mfumo wa sasa una mistari ya kijani na manjano, na mistari hiyo huonekana hata na asiyetofautisha rangi vizuri. Lakini nyumba za zamani zilitandazwa nyaya nyekundu za moto na kijani za ardhi, bila mistari. Fundi mwenye upofu wa rangi akifungua swichi ya nyumba kama hiyo anakabiliwa na hatari ya kweli. Asifanye kazi kwa macho. Azime umeme, apime kila waya kwa kifaa cha kupimia, kisha abandike lebo.

Shambani, mchumaji anaweza kutumia vidole. Tunda la kahawa lililoiva hulegea ukilibonyeza na mbegu huteleza kutoka ndani ya ganda, ilhali bichi hubaki gumu. Ni polepole kuliko kutumia macho, kwa hiyo familia inaweza kumpa mtoto huyo kazi ya kubeba au kupalilia, na kuwaachia wengine kuchuma na kuchambua kabla kahawa haijafika kiwandani.

Mfano ulio muhimu zaidi kwetu ni utepe ambao wahamasishaji wa afya ya jamii hutumia kupima mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Utepe huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Chini ya sentimita 11.5 ni sehemu nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano, yaani utapiamlo wa wastani. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Kwa mwenye upofu wa rangi, manjano ndiyo inayojitokeza vizuri, na zinazofanana ni nyekundu na kijani, yaani mtoto anayehitaji kupelekwa kituoni leo na mtoto ambaye hana tatizo. Utepe una sentimita zilizochapishwa. Mhudumu asome nambari kila mara na aandike nambari hiyo kwenye rekodi, badala ya jina la rangi. Utaratibu huo humlinda mtoto hata pale mhudumu mwenyewe hajui kwamba haoni rangi sawasawa.

Kwa mwalimu, mabadiliko ni madogo. Andika kwa chaki nyeupe au ya manjano. Bandika jina la rangi kwenye kila penseli. Kwenye ramani na grafu tumia mistari na madoadoa pamoja na rangi. Na kwa kijana anayewaza kuwa rubani au kuingia kazi nyingine ambayo hupima uoni wa rangi, ni afadhali apimwe akiwa bado shuleni kuliko kujua siku ya usajili, baada ya kuchagua masomo.

Rangi zikibadilika ukubwani

Yote yaliyotangulia yanahusu hali ya kuzaliwa nayo, ambayo huwa sawa katika macho yote mawili na haibadiliki. Mtu aliyekuwa akiona rangi vizuri kisha zikaanza kufifia ana jambo tofauti, na huyo asikae nyumbani.

Mtoto wa jicho hufanya lenzi iwe ya manjano polepole, na rangi ya buluu hufifia. Hilo hutibiwa kwa upasuaji. Magonjwa ya mshipa wa jicho na ya retina, yakiwemo yanayoletwa na kisukari, pia huharibu uoni wa rangi.

Dawa nazo zinaweza kuhusika. Ethambutoli, mojawapo ya dawa nne zinazotumika mwanzoni mwa matibabu ya kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa jicho kwa wagonjwa wachache. Mara nyingi dalili ya mapema ni nyekundu na kijani kupoteza ukali wake, pamoja na ukungu katikati ya kile unachotazama. Ikigunduliwa mapema na mhudumu akabadilisha dawa, macho kwa kawaida hupata nafuu. Ikichelewa, uharibifu unaweza kubaki. Anayetumia dawa za kifua kikuu akiona mabadiliko hayo arudi kituoni siku hiyo hiyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu kifua kikuu kisichotibiwa kikamilifu kinaweza kurudi kikiwa sugu. Njia rahisi ya kujichunguza nyumbani ni kutazama kitu kile kile chekundu, kwa mfano kifuniko cha chupa, kila wiki, kwa jicho moja baada ya jingine. Kikianza kuonekana kimepauka kuliko wiki iliyopita, au jicho moja likikiona tofauti na jingine, mweleze mhudumu.

Mzazi au mwalimu anayeshuku upofu wa rangi kwa mtoto aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe barua ya kwenda kliniki ya macho ya hospitali. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na hakiumi. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya mtoto, na nakala ipelekwe kwa mwalimu wa darasa ili kila anayemfundisha ajue.